Mmoja Agawe, Mwingine Achague

Kwa karibu miaka miwili sikujua jina la mwanamume aliyekuwa akinikosesha usingizi. Nilimwita Jirani, naye akaniita Jirani. Mgeni akitusikia angedhani ni heshima. Lakini watu wote wa mstari wetu walijua kwamba hilo neno, tukilitamka sisi wawili, lilikuwa tusi.

Nilikuwa nauza blauzi za mitumba Gikomba. Kibanda kilikuwa cha shangazi yangu. Aliuza pale miaka 14 hadi magoti yakamkatalia, akanipa funguo za sanduku la kuwekea mali na kuniambia, "Hii ndiyo kazi iliyokusomesha. Usije ukaipoteza." Wakati huo nilikuwa nimemaliza diploma na kutuma maombi ya kazi hadi nikachoka kuyahesabu. Kibanda chenyewe si kikubwa. Ni nguzo nne za mbao, mabati juu, meza moja mbele, na misumari ya kuning'inizia hanga. Uzuri wake ni kwamba kiko kwenye kona, kwa hivyo kinaonekana pande mbili. Kastoma akiingia kutoka barabarani, wa kwanza kukutana naye ni mimi. Wa pili ni Jirani.

Na yeye pia aliuza blauzi.

Kama hujawahi kufungua belo, acha nikueleze, kwa sababu bila hiyo hutaelewa tulichokuwa tunagombania. Belo ya nguo ina kilo 45. Imekazwa kwa mashine na kufungwa mikanda hadi imekuwa ngumu kama tofali. Unainunua stoo ikiwa hivyo hivyo. Unasoma lebo ujue ni blauzi, zimetoka nchi gani, ni gredi gani, basi. Hakuna anayekufungulia uchungulie. Unalipa, mtu wa mkokoteni anakuletea, na saa kumi na moja alfajiri unakata mikanda huku unamwomba Mungu.

Nguo zikishapumua unazipanga haraka. Kwanza kamera, zile safi kabisa ambazo wanawake wa butiki wanakuja kuzimulika kwa tochi za simu. Halafu za pili, halafu za tatu, zile zilizopauka au kukosa kifungo. Mwisho ni fagia, zinazomwagwa chini na kuuzwa bei ya kutupa. Pesa yako iko kwenye kamera. Kamera zikiwa chache, au ukiziuza vibaya, hizo zingine zote zinakurudishia tu ulichotoa.

Sasa fikiria vibanda viwili vilivyotenganishwa na gunia moja lililopigiliwa misumari, vinauza kitu kimoja, vinafungua belo asubuhi moja. Mama akishika blauzi kwangu nikimwambia 250, Jirani angesema, bila kunitazama, kama mtu anayeongea na mabati, "Huku ni mia mbili, madam, na tunaongea." Nami ningeshuka hadi 180. Naye 150. Kuna siku tuliuza kamera kwa finje, shilingi 50, wakati kila kipande cha ile belo kilikuwa kimenigharimu kama 60. Yule mama alinunua sita, tatu kwake na tatu kwangu, akaondoka akitucheka. Tulibaki tumenuna kila mtu upande wake wa gunia, wote tumepata hasara, na kila mmoja akidhani ameshinda.

Hayo yalikuwa ya mchana. Ya usiku yalikuwa hanga. Nikifika asubuhi nilikuta hanga zake zimesogea upande wangu, vidole viwili, vitatu. Nilizirudisha na kusogeza zangu vidole vinne. Mama wa chai, aliyepita na thamosi yake kila saa nne, alikuwa akisimama katikati yetu na kusema, "Nyinyi wawili mtakuja kuzaa ama mtakuja kuuana. Sioni njia ya tatu." Watu walicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa jambo. Mwenzetu mmoja wa mstari wa pili alinidokeza kwamba Jirani alikwenda kwa mzee anayekusanya kodi ya vibanda na kumuuliza, "Huyo msichana akishindwa, kona utanipa mimi?" Wakati huo nilikuwa na deni la miezi miwili. Kwa hivyo nilijua kwamba kila blauzi aliyoninyang'anya ilikuwa hatua moja ya kuelekea kwenye kibanda cha shangazi yangu. Sikuwa nashindana na jirani. Nilikuwa nalinda mlango.

Halafu ikaja Machi 2020. Tunaikumbuka kwa barakoa na kafyu, lakini watu wa Gikomba tunaikumbuka kwa jambo lingine pia. Mwisho wa mwezi huo serikali ilisimamisha mitumba kuingia nchini kwa hofu ya korona, na zuio lilidumu hadi Agosti. Mwanzoni hatukushtuka sana kwa sababu stoo zilikuwa na mali. Kisha stoo zikaanza kupungua, na kila iliyobaki ikapanda bei. Belo ya blauzi niliyokuwa nanunua 14,000 ikafika 18,000, halafu 20,000. Wateja nao walikuwa wamepungua. Wa ofisini walikuwa nyumbani, na wa kanisani hawakuwa na kanisa la kwenda.

Asubuhi moja ya Juni nilikwenda stoo nikiwa na 13,000 kwenye simu. Nilikuta bei ni 24,000. Na nilimkuta Jirani amesimama mbele ya belo mbili zilizobaki, barakoa imeshuka kidevuni, anahesabu noti alizozijua idadi yake tayari. Nilitambua kile kitendo. Nilikifanya mwenyewe usiku uliopita, nikihesabu mara tatu nikitumaini mara ya tatu zitaongezeka.

Kijana wa stoo alitutazama akachoka. "Si nyinyi ni majirani? Gawaneni moja mwende."

Hatukujibu. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake akatae. Mwishowe Jirani alisema, akiitazama belo, "Mimi niko na kumi na mbili." Nikasema, "Mimi pia." Nilificha ile elfu moja ya ziada.

Stoo walitaka malipo kutoka kwa mtu mmoja, kwa hivyo ilibidi nimtumie yeye. Alinisomea namba. Niliingiza, na M-Pesa ikanionyesha jina la ninayemtumia, kama kawaida, nihakikishe. Yalitokea majina yake mawili. Moja lilikuwa jina la babu yangu mzaa mama. Nilisimama pale kidole kikiwa juu ya simu. Mtu uliyemchukia kwa miaka miwili hupaswi kumjua jina lake, kwa sababu ukilijua unaanza kufikiria ni nani alimpa. "Kuna shida?" akauliza. Nikasema hakuna, nikatuma.

Kununua belo pamoja ni rahisi. Kazi iko kwenye kuigawanya. Hakuna mizani inayoweza kupima blauzi, kwa kuwa moja inaweza kuuzwa 300 na nyingine ya uzito ule ule ikauzwa 20. Alfajiri tulikata mikanda, nguo zikafuka, na tukabaki tumezizunguka kama fisi wawili. Aliyetuokoa ni mama wa chai. Alisema kwao, ndugu wakigawana nyama, mmoja hugawa na mwingine huchagua kwanza. Anayegawa hawezi kudhulumu, maana hajui ni fungu gani litabaki lake.

Tulirusha shilingi. Ikaniangukia mimi kugawa.

Niligawa kama karani. Vipande vilikuwa 230, kwa hivyo 115 huku na 115 kule. Kamera 38, kwa hivyo 19 na 19. Nikihesabu kwa sauti ili mashahidi wasikie. Jirani alichukua fungu la karibu naye bila hata kulikagua, na kila mtu akarudi upande wake wa gunia.

Ilikuwa haki kabisa, na ilitumaliza wote. Kastoma zangu ni kina mama, watu wa saizi 16 kwenda juu, wanaotaka mikono mirefu na kitambaa kisichoonyesha sidiria. Kati ya kamera zangu 19, nane zilikuwa vitopu vya wasichana, vifupi vya kuacha kitovu nje. Mama mmoja alikiinua kimoja akaniuliza kama ni cha mtoto wake au cha mwanasesere wake. Nilivishusha bei hadi finje. Upande wa pili, Jirani, ambaye kastoma wake ni wasichana wa vyuo na wapiga picha wa mitandaoni, alikuwa amekwama na magauni mapana kama mapazia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeuza 12,700. Ukitoa pesa ya mkokoteni na tikiti za kanjo, nilikuwa nimefanya kazi ya bure.

Belo ya pili tuliinunua Julai, na zamu ya kugawa ilikuwa yake.

Alichukua muda mrefu. Alikuwa anainua blauzi moja, anaitazama mbele na nyuma, anaiweka, halafu anairudia na kuihamisha. Alipomaliza, mafungu hayakulingana hata kidogo. Moja lilikuwa na vipande 121 na lingine 104. Lile kubwa lilikuwa na vitopu, rangi kali, vitu vyepesi. Lile dogo lilikuwa na mikono mirefu, maua, saizi kubwa. Nilipoona hivyo damu ilinichemka. Nilijua ni mtego, swali lilikuwa tu uko upande gani. Niliwaza kwamba anataka nidhani 104 ndiyo nzuri kwa sababu inafanana na mali yangu, ili yeye abaki na vipande 17 vya ziada. Kwa hivyo nilichukua 121.

Aliniangalia. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliniangalia usoni. "Uko shua?"

"Mimi ndiye nachagua."

"Sawa, Jirani."

Siku ya kwanza niliuza vitopu vitatu. Siku ya pili niliuza kimoja. Kastoma wangu wa miaka, mama mmoja anayefanya kazi posta ambaye shangazi alinirithisha pamoja na kibanda, alikuja, akapekua hanga zangu zote, akaniuliza kama siku hizi nauzia watoto wa shule. Kisha macho yake yakaruka gunia, yakatua kwa Jirani. Nilijua imekwisha. Akipata nguo kule leo, mwezi ujao atapita kwangu bila kusimama.

Jirani alimwona akija. Nilimsikia akisema, "Hizo si zangu mama, ni za hapo kwa Jirani. Nimemwekea tu, ngoja akupangie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini alikuwa tayari anazishusha, hanga moja moja, anazipitisha juu ya gunia. Nilizipokea kwa sababu kastoma alikuwa anatazama. Yule mama alinunua nne, 250 kila moja, hakuomba hata kupunguziwa. Alipoondoka nilibaki nimeshika mali ya mtu mikononi na elfu moja yake mfukoni.

"Chukua pesa yako," nikasema.

"Si yangu. Lile fungu lilikuwa lako. Nilikupangia." Alisema hivyo akiokota hanga iliyoanguka, kwa hivyo sikuuona uso wake. "Hiyo ya vitopu ndiyo yangu. Rudisha, kama hutaki kuuzia wanasesere."

"Si ungeniambia?"

"Kazi yangu ilikuwa kugawa. Na ningekuambia, ungeamini?"

Nilifikiria kusema ndiyo. "Singeamini."

"Basi."

Tulibadilishana mafungu pale pale. Usiku ule, nikizipanga zile blauzi kwenye sanduku, nilianza kuona alichokuwa amefanya. Kulikuwa na moja ya kijani yenye kola ya mviringo, aina ambayo huwa sipandishi kwenye hanga kwa sababu naifichia mama wa posta. Kulikuwa na nyeusi nne, kwa sababu nina kastoma wanaokuja wakifiwa. Hakukuwa na nyeupe hata moja, na ni kweli mimi sinunui nyeupe, maana vumbi la kona linazimaliza kabla ya saa sita. Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia hayo. Hata shangazi hakujua ya nyeupe. Jirani aliyajua kwa kunitazama miaka miwili akitafuta mahali pa kunipiga, na sasa alikuwa amechukua kila alichokijua akanipangia fungu.

Niliuza lile fungu kwa siku nane, 16,100. Yeye aliuza lake kwa siku saba. Nguo zilikuwa ni zile zile tu za belo ya 24,000. Kitopu ambacho kwangu kilikuwa cha finje, kwake kilikuwa kamera.

Baada ya hapo hatukuwa marafiki ghafla, usidhani. Tuliendelea kuzozana kuhusu hanga. Lakini tuliacha kushushana bei, kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa na mali yake na watu wake. Mama akiniuliza kitopu cha binti yake nilimwelekeza kule. Kazi ya kugawa tulipokezana, na zamu yangu ilipofika nami sikugawa tena kama karani. Niligundua kwamba najua. Najua kwamba hapendi vitambaa vya kung'aa kwa sababu vinaonyesha kila doa. Najua kwamba zilizochanika kwapa anazichukua bila kulalamika, kwa vile ana fundi wake wa cherehani nyuma ya vyoo. Nilikuwa nimemsoma kama anavyonisoma, na wakati wote nilijiambia ni vita.

Septemba hakuja siku tatu. Alinitumia ujumbe mfupi kwamba ana homa, na kwamba ufunguo uko kwa mama wa chai. Hakuniomba chochote. Nilifungua kibanda chake, nikapanga, na nikauza pande zote mbili za gunia. Msichana mmoja aliposhika kitopu cha zambarau nilijisikia nikisema, "Hiyo ukiivaa leo, kesho wanakuuliza umehamia mtaa gani." Yalikuwa maneno yake, hadi mkato wake wa sauti. Msichana akacheka, akalipa. Niliona aibu kana kwamba mtu amenikuta nimevaa shati lake.

Jioni nilimtumia 3,400, mauzo ya siku. Akajibu, "Zambarau imeenda?" Nikasema imeenda, soo mbili. Akajibu, "Ningeuza soo tatu." Nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi aliye kando yangu akasogea.

Aliporudi, amekonda, nilimuuliza lile jambo. Sikuweza kuendelea bila kulimaliza. "Ni kweli ulienda kwa mzee wa kodi ukaomba kona yangu?"

Nilitarajia akane, na nilikuwa tayari kumwamini.

"Ni kweli," akasema. "Kona ni kona. Ulikuwa na deni, na kila mtu alikuwa anaitaka. Nilifikiri ikienda, heri ije kwangu."

"Na sasa?"

"Bado ni kona nzuri." Alinyamaza kidogo. "Lakini nikiichukua nitakuwa na jirani mwingine. Nianze kumsoma upya?"

Sijui kama hayo yanahesabika kama maneno ya mapenzi. Niliyachukua hivyo.

Kilichonitia hofu baadaye ni kitu ambacho tulikuwa tumekiombea wote. Zuio liliondolewa Agosti. Meli huchukua muda, lakini kufikia mwisho wa mwaka mali ilikuwa imeanza kuonekana stoo, na bei ikaanza kurudi chini. Mimi nilikuwa nimelipa deni la kodi. Asubuhi moja ya Desemba nilikwenda stoo nikiwa na 18,000 kwenye simu, na belo ilikuwa 17,000. Ningeweza kununua yangu peke yangu, nzima. Nilimkuta Jirani pale. Nilijua na yeye anaweza, kwa kuwa mauzo yake nilikuwa nayajua kama yangu.

Tulisimama mbele ya zile belo kama siku ile ya Juni, ila safari hii tatizo lilikuwa pesa zimetosha. Kijana wa stoo alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Mnagawana, ama leo kila mtu na yake?"

Jirani akaniambia, "Chagua wewe."

"Wewe gawa kwanza," nikasema.

Akafikiria. Kisha akamwambia yule kijana atoe mbili, alipie yake nami nilipie yangu, na zote zipelekwe konani. Alfajiri tulikata mikanda ya belo zote mbili, tukamwaga nguo pamoja kwenye turubai moja hadi isijulikane ipi ilitoka wapi, tukaanza kupanga, za kina mama huku, za wasichana kule. Lile gunia la katikati lilikuwa linatuzuia kupita, kwa hivyo alichukua nyundo akang'oa misumari. Mama wa chai alipopita saa nne alilikuta limetandikwa chini, amelikalia mtoto wa kastoma. Hakusema neno. Alimimina vikombe viwili na kudai pesa kwa mtu mmoja.

Siku hizi tunaishi Kayole, chumba kimoja na kijiko cha mtu wa tatu anayejifunza kutambaa. Bado namwita Jirani, na wageni bado wanadhani ni mzaha. Kukiwa na embe moja, yeye hukata na mimi huchagua. Tangu ile ya Julai sijawahi kuhesabu.